Mraba wa Watoto Wanne: Andalio la Somo la Pasi kwa Darasa Lenye Kila Aina ya Mchezaji

Wape watoto 32 mpira mmoja na kiwanja kizima, kisha kaa pembeni uangalie. Dakika mbili hazijapita, watoto kumi hivi wameshauzonga mpira kama nyuki, na ndani ya kundi hilo ni watatu au wanne tu wanaougusa kweli. Hao ndio wanaocheza chandimu kila jioni mtaani. Wengine wanakimbia nyuma ya vumbi. Wawili wamesimama karibu na goli wakipiga soga, na mmoja amejitolea kuwa kipa kwa sababu kipa hakimbizwi. Kengele ikilia, wanaojua wameongeza ujuzi, na wasiojua wameondoka wakiamini kwamba mpira una wenyewe.

Walimu wengi wakiona hivyo huligawa darasa: wanaojua huku, wasiojua kule. Kwa siku chache kunatulia. Kisha kundi la wasiojua linabaki pale pale, maana hakuna ndani yake anayeweza kutoa pasi inayopokeleka, na kundi la wanaojua linabaki na tabia yake ya kila mmoja kupiga chenga mpaka anyang'anywe. Pasi ni kazi ya watu wawili. Anayeanza hujifunza kupokea akiletewa mpira uliotulia, na aliye hodari hujifunza kutoa siku anapowekwa mahali ambapo bila mwenzake hafiki popote.

Andalio la somo ninalolieleza hapa limesimama juu ya hoja hiyo. Ni la kipindi kimoja cha dakika 40, kwa watoto wa darasa la nne wenye umri wa miaka 9 hadi 11 hivi, wavulana kwa wasichana, viwango vyote pamoja. Lengo lake ni dogo, nalo linapimika: kipindi kikiisha, kila mtoto aweze kumfikishia mwenzake mpira umbali wa hatua sita kwa upande wa ndani wa mguu, na ajue akimbilie wapi wakati mpira uko kwa mwingine. Mzazi au kijana anayesimamia watoto wa mtaa Jumamosi anaweza kulitumia vilevile bila kubadili kitu.

Maandalizi kabla ya kutoka darasani

Watoto 32 tunawagawa katika makundi manane ya wanne. Kila kundi lina mpira wake mmoja na mraba wake mmoja wa hatua 10 kwa 10 za mtu mzima, yaani karibu mita 8 kila upande. Mstari wa mraba unachorwa kwa majivu au chokaa, na pembe zake zinawekewa alama. Koni zikikosekana, chupa za plastiki zenye mchanga kidogo zinatosha. Mawe hayafai, kwa sababu mtoto akianguka huangukia pembeni, mahali alipokuwa anakimbilia.

Mpira unaowafaa watoto wa umri huu ni saizi namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66. Ule wa watu wazima, namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na ni mzito zaidi. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mtoto anayecheza peku huisikia kwenye kifundo cha mguu, na akishaumia mara mbili huanza kuupiga kwa ncha ya vidole ili umalizike upesi. Shule isiyo na mipira minane ya ngozi itumie ya makaratasi na soksi kuukuu iliyofungwa vizuri kwa kamba. Mpira huo haudundi sana, kwa hiyo kwa anayeanza ni rahisi zaidi kuutuliza.

Makundi hupangwa na mwalimu kwenye daftari, usiku wa kabla ya somo. Wale wa kuitana kiwanjani, manahodha wawili wakichagua mmoja mmoja, hufanya watoto walewale wawe wa mwisho kila wiki mbele ya wenzao wote. Katika kila kundi weka hodari mmoja, wawili wa kati na mmoja anayeanza. Zingatia na miguu pia: wenye viatu wawe na wenye viatu, walio peku na walio peku. Sababu nitaieleza tukifika kwenye usalama.

Dakika tano za mikono

Somo la pasi linaanza bila mguu kugusa mpira. Ndani ya kila mraba watoto wanapewa namba, moja hadi nne, na wote wanatembea huku na huku. Mpira unakwenda kwa mikono kwa mpangilio: moja anampa mbili, mbili anampa tatu, tatu anampa nne, nne anarudisha kwa moja. Hakuna kurusha kwa nguvu, hakuna kusimama. Anayetaka mpira anainua mkono na kumwangalia machoni mwenye nao. Baada ya dakika mbili wanaongeza mwendo, kutoka kutembea hadi kukimbia taratibu, na mwishoni mwalimu anageuza mpangilio uende kinyume.

Hatua hii inapasha mwili moto, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Pasi ina sehemu mbili: kuona wa kumpa, na kuufikisha mpira. Mtoto anayeanza hushindwa kwa sababu anadaiwa zote mbili kwa wakati mmoja, na macho yake yote yako chini kwenye mpira. Ukimwachia mikono, ufundi wa mguu unaondoka kwanza, na anabaki na kuona tu. Hapo utashangaa kwamba baadhi ya watoto ambao miguu yao haijui kitu wana macho mazuri kuliko mabingwa wa chandimu. Waandike kwenye daftari, utawahitaji.

Kuinua mkono badala ya kupiga kelele ni kanuni ya darasa zima. Ukiwa na mtoto asiyesikia vizuri, anacheza kwa kanuni ileile ya wenzake bila kutengenezewa mchezo wa peke yake. Kwa ajili yake, mwalimu aongeze kitambaa chekundu kwenye filimbi: filimbi ikilia, kitambaa kinainuliwa, na kila aliyekiona anasimama.

Dakika tisa za lango

Sasa mpira unashuka chini. Katikati ya mraba weka chupa mbili zilizoachana kwa hatua mbili. Hilo ndilo lango. Watoto wawili wanasimama upande mmoja, wawili upande wa pili, na kati ya pande hizo kuna hatua sita. Wa kwanza anapiga pasi ipite langoni, kisha anakimbia pembeni mwa lango, kamwe si katikati, na kusimama nyuma ya mstari wa wenzake wa upande wa pili. Aliyepokea anautuliza, anapiga, naye anakimbia. Hivyo hakuna anayesubiri zaidi ya pasi tatu.

Mwalimu afundishe mambo matatu tu ya mguu, kwa mpangilio huu. Kwanza, mguu wa kusimamia unakaa kando ya mpira, umbali wa kiganja kimoja, na kidole gumba chake kinaelekea kwa mwenzako. Pili, mguu wa kupigia unageuzwa nje ili upande wa ndani, ule mpana ulio kati ya kisigino na kidole gumba, ugonge katikati ya mpira, na kifundo kikaze. Tatu, baada ya kupiga, mguu unaendelea kidogo kuelekea ulikopeleka mpira.

Ukijua kusoma makosa, huhitaji hotuba. Mpira ukienda kando, angalia mguu wa kusimamia. Karibu kila mara kidole chake kinaelekea huko huko mpira ulikokwenda. Ukiruka juu, mtoto ameegemea nyuma au amechota mpira kwa chini. Ukifika ukiwa umechoka, kifundo kililegea. Mwambie mtoto jambo moja kwa zamu moja, kisha mwache apige mara tano kabla hujasema la pili.

Kupokea nako kuna siri moja. Mguu unaopokea unakwenda kuulaki mpira, na ukigusana nao unarudi nyuma kidogo ili kuupunguzia kasi. Mtoto anayeukaza mguu, mpira humgonga na kuruka hatua tatu mbele. Anayeanza kabisa aruhusiwe kuukanyaga kwa unyayo kwanza, taratibu, na kuuzuia. Si ufundi wa kudumu nao, lakini unampa muda wa kuinua kichwa.

Hapa ndipo viwango tofauti vinaanza kudai haki yao, na jibu ni kubadili kazi ya mtoto huku akibaki pale pale na wenzake. Walimu wa michezo jumuishi hubadilisha mambo manne: nafasi, kazi, vifaa na watu. Kwenye lango hili, hodari anapewa kazi ya kutumia mguu wake dhaifu, na hapo ghafla naye anakuwa mwanafunzi. Anayeanza anasogezewa nafasi: anapiga akiwa hatua nne badala ya sita. Mtoto anayetembea kwa magongo au mwenye mguu mmoja usio na nguvu habadilishi upande. Anabaki mahali pake, wenzake wanazunguka, na yeye anapokea kila pasi inayokuja upande huo. Wote wanne wako kwenye lango moja, mpira mmoja, hesabu moja: kundi lao limepitisha mara ngapi mfululizo bila kugonga chupa?

Dakika kumi za pembe tupu

Hii ndiyo hatua yenye somo lenyewe, na nitakaa nayo. Ondoa lango. Watoto watatu wanacheza dhidi ya mmoja ndani ya mraba uleule. Watatu wanasimama kwenye pembe, mmoja katikati anakaba. Kwa kuwa mraba una pembe nne na wachezaji wa pembeni ni watatu, daima pembe moja iko tupu. Pasi zinaruhusiwa kupita kandokando ya mistari ya mraba tu; kukatiza katikati hairuhusiwi kwa sasa.

Sheria ya kukimbia ni moja: mwenye mpira lazima awe na mwenzake kushoto na mwenzake kulia. Tuzipe pembe namba, moja hadi nne, kuuzunguka mraba. Watoto wako kwenye pembe ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne ni tupu. Mpira uko pembe ya pili. Mambo ni sawa, maana mwenye mpira ana jirani pande zote. Sasa anapiga kwenda pembe ya tatu. Jirani za pembe ya tatu ni ya pili, ambapo mpigaji bado amesimama, na ya nne, ambayo haina mtu. Basi mtoto wa pembe ya kwanza anakimbilia ya nne. Mpira ukienda tena pembe ya nne, yule wa pembe ya pili anakimbilia ya kwanza. Ukirudishwa ulikotoka, aliyekimbia anarudi alikotoka.

Angalia nani anakimbia kila mara: ni yule ambaye hakupiga wala hakupokea. Mtoto asiye na mpira ndiye anayeamua kama mwenye nao atakuwa na pa kutokea. Ushirikiano, ambao walimu tunauhubiri kila siku kwa maneno, hapa unaonekana kwa macho na unaweza kusahihishwa papo hapo. Mtoto akichelewa kuondoka pembeni mwake, mpira unanyang'anywe pembe ya pili yake, na kila mmoja kundini anaona sababu.

Anzeni kwa kutembea, bila mkabaji, mpaka kundi lizungushe mpira mara kumi na kila mmoja akaenda kwenye pembe yake bila kuambiwa. Kisha mkabaji aingie akitembea, mikono nyuma. Kisha akimbie, ila asinyang'anye miguuni: anaruhusiwa kuukatiza mpira ukiwa njiani tu. Akiukatiza, au ukitoka nje, anabadilishana na aliyekosea. Na hata kama hajaukatiza, baada ya dakika moja anabadilishwa, ili asikae katikati mpaka alie.

Tuchukue kundi moja la mfano tuone linavyokwenda. Lina kijana hodari wa chandimu, wasichana wawili wa kati, na mvulana mmoja ambaye hajawahi kucheza. Dakika za kwanza hodari anapokea, anamzunguka mkabaji kwa chenga, anatoka nje ya mraba, anacheka. Msichana mmoja analalamika, "Mwalimu, hanipi!" Mwalimu anasogea na daftari na kuweka alama kila mtoto anapougusa mpira, kwa dakika mbili. Tuseme anapata 17 kwa hodari, 7 na 6 kwa wasichana, na 2 kwa anayeanza. Alama hizo zinasema zaidi ya lawama yoyote.

Anabadilisha mambo mawili. Hodari anapewa miguso miwili tu: mmoja wa kutuliza, mmoja wa kutoa. Chenga imekufa bila kukatazwa. Anayeanza anapewa amani ya kuhesabu moja hadi tatu: akishautuliza mpira, mkabaji hamsogelei chini ya hatua mbili mpaka hesabu iishe. Kisha mwalimu anamwita hodari pembeni, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mpe mpira wa polepole, kwenye mguu wake wa kulia. Ukimpa mkali ukampotea, kosa ni lako." Dakika inayofuata, mtoto wa kwanza kundini kupanga jinsi ya kumpa mwenzake ni yule aliyekuwa anacheza peke yake. Tuseme hesabu ya pili inatoka 10, 8, 8 na 7. Wengine watatu wameongeza kazi, na hodari amepata swali gumu kuliko chenga: mpira wa aina gani anaumudu huyu?

Kuna kosa moja la walimu la kuangalia hapa. Ni kuweka sheria kwamba kila mtoto lazima aguse mpira kabla ya hesabu kuanza upya. Inavutia, lakini huzaa pasi ya huruma: mpira unapelekwa kwa anayeanza, anaurudisha haraka alikoutoa, kisha mchezo wa kweli unaendelea bila yeye, na yeye mwenyewe anajua. Sheria ya pembe tupu haina tatizo hilo, kwa sababu kila wakati anahitajika kweli. Asipofika pembeni, mpira unapotea.

Utajuaje kama ugumu unafaa? Kundi likifika pasi tano au sita mfululizo mara kwa mara na kupoteza mara kwa mara, liko pazuri. Likikwama kwenye pasi moja au mbili, ongeza mraba kwa hatua mbili kila upande. Nafasi kubwa inampa mwenye mpira muda. Likipita 15 bila jasho, upunguze, au ruhusu mkabaji akabe miguuni. Kila mraba unaweza kuwa na kipimo chake, majirani hawatajali.

Dakika kumi za magoli manne

Sasa miraba miwili inaungana na watoto wanne wanacheza na wanne, kwenye uwanja wa hatua 30 kwa 25 hivi. Hakuna kipa. Kila timu inashambulia magoli mawili madogo ya hatua mbili, yaliyo karibu na pembe za mstari wa mwisho wa wapinzani. Mchezo wa magoli manne ulienezwa na kocha Mjerumani Horst Wein chini ya jina la Funino, wa watatu kwa watatu, na tangu msimu wa 2024 Shirikisho la Soka la Ujerumani limeweka mpangilio wa aina hiyo kuwa wa lazima kwa mashindano ya watoto wake wadogo. Sisi tunatumia wanne kwa sababu makundi yetu yana wanne, na hatutaki mtoto yeyote awe akiba.

Faida ya goli la pili huonekana ndani ya dakika chache. Goli likiwa moja, wote hukimbilia katikati. Yakiwa mawili, wakabaji wakijazana mbele ya la kushoto, la kulia liko wazi, na anayeweza kulifikia ni yule aliyebaki upande huo akiwa ameinua mkono. Mara nyingi ni mtoto ambaye hakimbii sana. Kwa mara ya kwanza kusimama kwake mbali na fujo kuna thamani, na wenye macho uliowaandika asubuhi kwenye mchezo wa mikono huanza kufunga.

Wein aliongeza sheria ya kufungia ndani ya mita 6 tu. Weka mstari wa chokaa hatua nane mbele ya magoli, na goli lolote lililopigwa kutoka nyuma yake lisihesabiwe. Sheria hii inalazimisha pasi moja zaidi, na inaondoa mashuti ya mbali, ambayo kwenye kiwanja chenye watoto 32 ndiyo yanayowapata usoni wa uwanja wa jirani. Mwalimu asipige kelele za maelekezo mchezo ukiendelea. Asimamishe mara moja au mbili tu, kila mtoto akiwa pale alipo, na kuuliza: "Mwenye mpira ana nani kushoto? Ana nani kulia?" Kisha mchezo uendelee.

Kanuni za usalama, na sababu zake

Mtoto akijua sababu huishika kanuni hata mwalimu akiwa amegeuka. Kabla ya somo, mwalimu na watoto wawili wa zamu wanatembea kiwanja chote mstari kwa mstari wakiokota chupa zilizovunjika, miba na misumari, na kufukia mashimo. Kiwanja kilichokuwa safi jana huenda jioni kilitumiwa na watu wengine.

Magoli ya chuma yanayohamishika yafungwe ardhini au yaondolewe kabisa eneo la somo. Watoto hupenda kuning'inia kwenye mwamba wa juu, na goli lisilofungwa huanguka mbele. Watoto wamewahi kupoteza maisha kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Somo hili halihitaji goli kubwa, basi hakuna sababu ya kuwa karibu nalo.

Kati ya mraba na mraba kuwe na hatua nne. Mpira ukitorokea kwa jirani, mwenyewe haingii kuufuata. Anainua mkono na kurudishiwa. Watoto wengi wanaogongana vichwa walikuwa wanafuata mpira huku wakiangalia chini.

Viatu na peku havichanganyiki kwenye hatua ya pembe tupu na ya magoli manne. Kiatu kigumu juu ya vidole vya mwenzako hukata ukucha au kuvunja kidole hata bila nia mbaya. Kama kiwanja kimesafishwa kweli kweli, darasa zima linaweza kuvua. Saa, bangili na hereni zinaachwa darasani, na wasichana wenye hijabu wafunge kwa fundo badala ya pini.

Hakuna kujitelezesha chini kunyang'anya mpira, na hakuna kupiga mpira kwa kichwa. Hili la pili si woga wa mwalimu mmoja. Marekani ilizuia mpira wa vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini baada ya uamuzi wa shirikisho lake wa mwaka 2015, na Februari 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo wa kutofundisha vichwa mazoezini kwa watoto wa shule za msingi, kwa tahadhari juu ya afya ya ubongo.

Mtoto akigongwa kichwani anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema amepona. Mwalimu amwangalie: akitapika, akisikia kizunguzungu, akichanganya maneno, akisinzia au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mzazi aambiwe hata kama hakuna dalili, kwa kuwa nyingine hujitokeza usiku.

Mwalimu ajue afya za watoto wake kabla ya filimbi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta kiwanjani, si ndani ya begi darasani. Mwenye selimundu anaweza kushiriki, ila anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuulizwa, na asiachwe kwenye jua kali, maana kukaukiwa na maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali. Kwa wote, kunywa maji ni baada ya kila hatua, na kipindi hiki kikae asubuhi. Radi ikisikika, somo linakwisha hapo hapo. Watoto waingie ndani ya jengo, wasikimbilie chini ya mwembe, na wasirudi kiwanjani kabla ya dakika 30 kupita tangu mngurumo wa mwisho.

Dakika tatu za mwisho, na kipindi kijacho

Baada ya kutembea taratibu na kunyoosha miguu, kila kundi linakaa kwenye mraba wake na kujibu maswali mawili: nani alikufikia ulipokuwa umebanwa, na wewe ulimfikia nani? Jibu liwe jina la mwenzao. Maswali ya "tumejifunza nini leo" hujibiwa na hodari wa darasa kwa niaba ya wote. Haya hayawezi kujibiwa na mtu mwingine.

Tathmini ya mwalimu iko kwenye alama za daftari. Asilinganishe mtoto na mtoto. Alinganishe hesabu ya kwanza na ya pili ya mtoto yuleyule. Kundi ambalo mwenye alama chache zaidi amepanda, hata kidogo, kipindi kijacho liruhusiwe kukatiza pasi katikati ya mraba. Kundi ambalo hajapanda lisipelekwe mbele. Lirudie pembe tupu kwa mraba mkubwa zaidi, na kabla ya kumlaumu mtoto, mwalimu aangalie mambo mawili: je, wenzake wanafika pembeni mwake kwa wakati, na je, mipira anayopewa inapokeleka? Mara nyingi kosa linapatikana huko, na dawa yake ni kumrekebisha anayetoa.